Barua ya Asante katika Darasa la Tatu

Muhula huu baadhi yetu wa Kidato cha Nne tulipewa ruhusa ya kwenda kila Jumatano alasiri kusaidia katika shule ya msingi iliyo jirani. Mimi nilipangiwa Darasa la Tatu, watoto 38, na mwalimu wao akanikabidhi somo la barua ya shukrani kwa dakika 40. Nilidhani kazi ni nyepesi.

Nilitayarisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa barua ya mfano, ambayo niliiandika ubaoni yote, tangu anwani na tarehe hata jina la mwandishi. Ndani yake mtoto alimshukuru mjomba wake kwa viatu. La pili lilikuwa sentensi yenye pengo, ili mtoto asikae na kalamu mkononi akikosa pa kuanzia:

Nakushukuru kwa ______ ulivyoniletea.

Usiku ule bwenini nikazisoma barua zao. Watoto 21 walikuwa wamemshukuru mjomba kwa viatu! Mmoja wao ni kijana wa dawati la mbele, ambaye nilikumbuka vizuri kwamba alikuja peku. Barua yake ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na karibu nimpe alama zote.

Wale waliothubutu kuandika kitu chao wenyewe niliwaponza mimi. Waliandika “kalamu ulivyoniletea” na “daftari ulivyoniletea”, kwa kuwa ile -vyo- ya viatu niliifunga ndani ya sentensi. Kalamu hutaka “uliyoniletea”, na daftari “uliloniletea”. Aliyeandika “vitabu” alipata, lakini alipata kwa bahati, wala mimi sikuweza kujua kama anaelewa.

Jumatano iliyofuata nilimwita pembeni yule kijana, nikamwuliza mjomba wake anakaa wapi.

“Sina mjomba, kaka,” akajibu.

“Basi ni nani aliyekutendea jema siku hizi?”

“Bibi. Nilikuwa na homa, akanibeba mpaka zahanati.”

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu kubwa zaidi. Bibi yake hakuleta kitu chochote. Hata kama mtoto huyu angetaka kusema kweli, pengo langu halikuwa na nafasi ya mgongo wa bibi; lilipokea vitu vya kushikwa mkononi tu. Nikaifuta sentensi ile, nikaandika nyingine:

Nakushukuru kwa kuni______.
Siku hiyo ______.
Sasa ______.

Baada ya “kuni-” mtoto hutia tendo lolote: kunibeba, kuniazima, kunishonea, kunifundisha. Matatizo ya -vyo- na -lo- huyakuti tena, nayo yanaweza kungoja somo lake. Mstari wa pili niliuongeza kwa sababu nilijua wengi watakimbilia neno “kunisaidia” na kuweka nukta. Mtu akiandika “kunisaidia” peke yake, barua hiyo yaweza kupelekwa kwa yeyote kijijini. Lakini akilazimika kueleza mambo ya siku hiyo, hana budi kukumbuka.

Safari hii hatukuanza na kalamu. Kila mtoto alimweleza jirani yake kwa mdomo atamshukuru nani, na kwa jambo gani. Kisha nikawasomea barua mpya ya mfano, ya kumshukuru mpishi wetu aliyenipikia uji nilipokuwa mgonjwa. Tukaonyeshana salamu iko wapi, sababu iko wapi, na mwisho uko wapi. Halafu nikaufuta mfano, nikabakiza mistari mitatu yenye mapengo. Wachache walinung'unika ubao ulipofutwa, lakini hakuna aliyeshukuru kwa uji.

Msichana mmoja aliandika kwa niaba ya ndugu zake, akageuza “kuni-” kuwa “kutu-”, na hilo ni jambo la akili. Bahati mbaya ikatoka “Tunakushukuru kwa kutupa mchele”, na darasa zima likacheka, maana shangazi alionekana ameumwaga mchele jalalani. Tukaweka “kutupatia”, shangazi akasalimika.

Yule kijana wa mbele alimaliza karibu wa mwisho. Barua yake ilikuwa na makosa mawili ya herufi, ambayo tuliyasahihisha pamoja, nayo ni hii:

Bibi yangu mpenzi,
Shikamoo. Nakushukuru kwa kunibeba mgongoni mpaka zahanati. Siku hiyo mvua ilinyesha, ukanifunika kanga yako, wewe ukalowa. Sasa nimepona, nitakuchotea maji.
Ni mimi mjukuu wako.

Anwani hakuandika. Nilipomwuliza sababu, aliniambia kwamba yeye na bibi wanalala chumba kimoja, na kwamba atamsomea mwenyewe jioni, kwa kuwa bibi hajui kusoma.