Vipele Siku ya Sita ya Dawa

Mtoto wa miaka mitatu ameanza amoksilini Jumatatu kwa homa na kikohozi. Jumamosi anavuliwa nguo aogeshwe, kifua na mgongo vimejaa vipele vidogo, na neno la kwanza nyumbani ni "dawa imemkataa". Huenda ni kweli, ila hesabu ya siku inaelekeza kwingine. Mzio unaobana pumzi na kuvimbisha midomo kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kumeza dozi. Ngozi huinuka mabaka yanayowasha sana, na yanahama: asubuhi yako tumboni, jioni yako pajani. Vipele vya siku ya sita havihami hivyo. Huanzia kiwiliwili, husambaa taratibu, na mara nyingi mtoto anaendelea kucheza. Virusi vilivyoleta homa vinaweza kuvitoa vyenyewe, kwani antibayotiki haiviui. Surua nayo ina njia yake: hutanguliwa na homa, mafua na macho mekundu, kisha vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mtazame mtoto penye mwanga wa mchana na umpapase kwa vidole.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani kuandika mzio, tukae salama? Ubaya upo. Watoto walioandikiwa mzio wa amoksilini wanapojaribiwa tena chini ya uangalizi wa daktari, zaidi ya 9 kati ya 10 huimeza bila shida. Wasiojaribiwa hubaki na jina hilo hadi ukubwani, na linawafunga. Mjamzito mwenye kaswende, kwa mfano, hutegemea sindano ya penisilini kumkinga mtoto aliye tumboni, na hakuna dawa mbadala ya kuaminika kwa kazi hiyo.

Je, basi dozi iendelee? Hapana, si kwa uamuzi wa nyumbani. Kabla ya dozi inayofuata, mtoto aonwe na mhudumu wa afya, maana hesabu ya siku ina mipaka. Ule mzio mbaya unaochuna ngozi, ambao septrini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuuleta, nao huchelewa, pengine hata wiki ya pili au zaidi. Ukiona malengelenge, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, ngozi inayouma ukiigusa, uso kuvimba au pumzi kubana, acha dawa na uende hospitali saa hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi angavu, hasa mtoto akiwa na homa.

Beba pakiti ya dawa na piga picha ya vipele kabla havijafifia. Mhudumu akiona si mzio wa hatari, mwombe aandike kwenye kadi kilichoonekana: "Vipele vidogo siku ya 6 ya amoksilini, bila uvimbe, bila malengelenge." Daktari wa miaka kumi ijayo atakuwa na cha kupima.