Bomba, Kitasa na Chuma cha Taulo: Linganisha Rangi Kabla ya Kulipa

Mlaji anayekarabati bafu mara nyingi hununua bomba leo, kitasa cha mlango mwezi ujao, na chuma cha kutundikia taulo fedha zikipatikana. Vyote huelezwa dukani kuwa ni vya "rangi ya fedha". Vikishafungwa ndipo hugundua kwamba kimoja kinaelekea ubuluu, kingine umanjano, na cha tatu ni kijivu kilichofifia. Si lazima awe ameuziwa bidhaa mbovu; jina lililo kwenye boksi halielezi rangi kikamilifu.

Kromu hung'aa kama kioo na huelekea ubuluu. Nikeli ina umanjano hafifu. Stenlesi ni ya kijivu, na mara nyingi husuguliwa ikabaki na mistari myembamba inayopunguza mng'ao. Ajabu ni kwamba bomba la kromu nalo huwa na nikeli ndani yake: kromu tunayoiona ni utando usiofikia maikroni 1, uliopakwa juu ya nikeli.

Kwa anayenunua kidogo kidogo, kromu inayong'aa ndiyo chaguo salama, kwa kuwa haitofautiani sana kati ya kiwanda na kiwanda. Rangi ya dhahabu ni kinyume chake. Kila kiwanda kina dhahabu yake. Anayeipenda anunue vifaa vyote kwa pamoja, vya chapa moja na toleo moja.

Tuchukue bafu ambalo tayari lina bomba la kromu, na mwenye nyumba anatafuta chuma cha taulo. Afungue kifuniko cha tundu la sinki, ikiwa ni cha rangi ileile ya bomba, aende nacho dukani. Aombe karatasi ya plastiki inayofunika bidhaa ibanduliwe, maana huficha mng'ao. Kisha aviweke vitu viwili sambamba, kwanza mlangoni penye mwanga wa mchana, halafu chini ya taa inayofanana na ya bafuni kwake. Taa ya mwanga wa njano huweza kuifanya kromu ionekane kama nikeli, na hapo ndipo wengi hukosea.

Vikikaribiana bila kulingana, asinunue. Rangi mbili zinazokaribiana huonekana kama kosa, ilhali zinazotofautiana waziwazi huonekana kama uamuzi. Chuma cheusi cha taulo kitakaa vizuri na bomba la kromu kuliko cha nikeli, hasa kitasa nacho kikiwa cheusi.

Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti aina ya metali, namba ya bidhaa, na makubaliano ya kuirudisha ikiwa haijafungwa. Kifaa chenye alama za spana ni vigumu kukirudisha, hata kama rangi yake siyo uliyoahidiwa.