Nani amesema: mjumbe au mkalimani?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya shule. Mjumbe wetu mmoja, mwekahazina, ni kiziwi na huja na mkalimani wa lugha ya alama. Kwenye muhtasari niandike nani amesema?

Jibu: Andika mjumbe: "Mwekahazina alipendekeza vyoo vitangulie uzio." Mkalimani muorodheshe miongoni mwa wasio wajumbe, hahesabiwi kwenye akidi wala hapigi kura.

Mkalimani anaposema "mimi napinga", anayepinga ni mjumbe. Mtaje mkalimani pale tu anapojisemea: "Mkalimani aliomba watu wazungumze kwa zamu." Ukiwa na shaka, uliza papo hapo.

Tafsiri hufuata nyuma kidogo, hivyo tarakimu huweza kuponyoka. Kabla ya kufunga ajenda, soma azimio na kiasi cha fedha, mjumbe athibitishe kwa alama.