Kujenga Modeli au Kununua Huduma: Uamuzi wa Kampuni Ndogo ya Unukuzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linaloikabili kampuni ndogo inayonukuu mazungumzo ya Kiswahili kutoka kwenye kanda za sauti: je, inunue huduma ya kompyuta iliyopo sokoni au ijijengee modeli yake? Hoja yetu ni kwamba jibu halitokani na bei pekee. Linatokana na aina ya makosa ambayo huduma iliyopo huyafanya katika Kiswahili, na aina hizo haziwezi kubainishwa bila kuzingatia mofolojia ya lugha yenyewe.

1.0 Utangulizi

Wahitimu wengi wa Kiswahili hupata riziki kwa kunukuu mahojiano ya watafiti. Mtafiti huleta kanda na mnukuzi husikiliza, akaandika, akarudia. Mnukuzi mzoefu aghalabu hutumia saa nne au zaidi kuandika saa moja ya mazungumzo. Si ajabu basi kwamba kampuni za unukuzi zimeanza kuitegemea modeli ya kompyuta iandike rasimu ya kwanza, kisha binadamu aisahihishe.

Ili kulifafanua suala hili, tutachukua mfano wa kubuni wa kampuni ya watu sita jijini Nairobi inayonukuu mijadala ya vikundi. Tarakimu za fedha tutakazozitaja ni za mfano huo tu. Msomaji anaweza kuziondoa na kuweka zake.

2.0 Maana ya "kujenga"

Kwanza tuliondoe neno "kujenga" katika utata. Modeli iitwayo Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa mwanzoni kwa takriban saa 680,000 za sauti. Mtu angezisikiliza saa hizo usiku na mchana bila kulala, angehitaji zaidi ya miaka 77. Kampuni ya watu sita haiwezi kuanzia hapo.

Kwa kampuni ndogo, kwa hivyo, kujenga ni kuinoa modeli huria ambayo tayari imefunzwa. Kunoa huku ni kuipa modeli sauti na matini sahihi za kampuni yenyewe ili izoee wasemaji na msamiati wake. Makumi ya saa yanaweza kuleta tofauti inayoonekana. Njia zilizopo basi ni tatu: kununua huduma, kutumia modeli huria jinsi ilivyo kwenye kompyuta ya kampuni, na kuinoa modeli hiyo. Wengi huisahau njia ya pili, nasi tutairejelea.

3.0 Kulipima kosa katika lugha ambishi-bainishi

Hatua ya kwanza ni kuandaa jaribio. Kampuni isichukue saa moja kutoka kanda moja, bali vipande 20 vya dakika tatu tatu kutoka kanda tofauti: wasemaji wa Pwani na wa bara, vijana na wazee, chumba tulivu na soko lenye kelele. Wanukuzi wawili wavinukuu kwa uangalifu, na kabla ya kuanza wakubaliane kuhusu tahajia. Je, ni "kwa sababu" au "kwasababu"? Nambari ziandikwe kwa maneno au kwa tarakimu? Bila makubaliano hayo, modeli itahesabiwa makosa ambayo ni ya wanukuzi.

Kipimo kinachotumiwa sana ni asilimia ya makosa ya maneno. Huhesabiwa maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya maneno ya matini sahihi. Kipimo hiki kikiletwa katika Kiswahili bila tahadhari hupotosha. Tuchukue sentensi ifuatayo:

Matini sahihi: Nilipomwambia kwamba hawajalipwa alinyamaza.
Matini ya modeli: Nilipo mwambia kwamba wamelipwa alinyamaza.

Neno "nilipomwambia" limekatwa vipande viwili, kwa hivyo huhesabiwa makosa mawili: neno moja limebadilishwa na jingine limeongezwa. "Hawajalipwa" limekuwa "wamelipwa", hilo ni kosa la tatu. Sentensi ina maneno manne, kwa hivyo makosa ni asilimia 75. Tukihesabu kwa herufi, nafasi zikiwemo, tunapata makosa matano kati ya herufi 43, yaani takriban asilimia 12.

Tofauti hii inatokana na hali kwamba neno moja la Kiswahili hubeba nafsi, wakati, urejeshi na yambwa, mambo ambayo lugha nyingine huyagawa katika maneno kadhaa. Kampuni ikitegemea asilimia ya maneno peke yake inaweza kuikataa huduma ambayo rasimu zake husahihishwa upesi. Hata hivyo, asilimia ya herufi nayo ina upofu wake. Nafasi iliyozidi haimdhuru yeyote, ilhali "wamelipwa" imeugeuza ushahidi wa msemaji kuwa kinyume chake. Vibarua waliolalamika kwamba hawajalipwa sasa wanaonekana katika ripoti kama watu waliolipwa. Hakuna kati ya vipimo hivi viwili kinachoutambua uzito huo. Anayeutambua ni msomaji wa Kiswahili.

4.0 Kuyapanga makosa

Baada ya kupima, makosa yapangwe katika mafungu matatu, kwa kuwa kila fungu lina dawa yake.

Fungu la kwanza ni makosa ya mwandiko, mathalani maneno yaliyokatwa au kuunganishwa, ritifaa iliyosahaulika katika "ng'ombe", na tarakimu. Haya hayahitaji modeli mpya. Orodha ya kanuni za kutafuta na kubadilisha huyaondoa mengi.

Fungu la pili ni majina ya watu na mahali, pamoja na istilahi za taaluma. Baadhi ya huduma za kununuliwa humruhusu mteja kuingiza orodha ya maneno anayoyatarajia. Ikiwa mradi unahusu kilimo cha Kitui, orodha ya majina ya vijiji na aina za mbegu huandaliwa mapema.

Fungu la tatu ni makosa ya maana. Humu mna kiambishi cha ukanushi kilichomezwa, yambwa iliyobadilishwa ("alinipa" kuwa "alimpa"), na hasa matatizo ya kuchanganya ndimi. Msemaji wa Nairobi huanza sentensi kwa Kiswahili, akapitia Kiingereza na kuimalizia kwa Sheng. Modeli iliyoambiwa kwamba sauti yote ni ya Kiswahili inaweza kuiruka sehemu ya Kiingereza au kuitafsiri badala ya kuinukuu. Isitoshe, modeli za aina ya Whisper zinajulikana kwa kubuni maneno mahali penye kimya au kelele. Dalili ni sentensi moja inayojirudia mara kadhaa, au matini laini yenye maneno mengi kuliko muda uliopita kwenye kanda. Kosa la namna hii ni hatari kwa kuwa halionekani kama kosa. Msahihishaji anayesoma bila kusikiliza hataligundua.

Kunoa modeli kunastahili kufikiriwa pale tu ambapo fungu la tatu ndilo linalomlia msahihishaji muda wake. Hata hapo, kunoa husaidia zaidi katika lahaja na uchanganyaji wa ndimi kuliko katika maneno ya kubuniwa, ambayo mara nyingi hupunguzwa kwa kukata sehemu za kimya kabla ya kuipa modeli sauti.

5.0 Hesabu ya faida

Tuseme kampuni yetu hupokea saa 40 za sauti kwa mwezi na humlipa msahihishaji shilingi 400 kwa saa. Kwa rasimu ya huduma iliyonunuliwa, saa moja ya sauti husahihishwa kwa saa 3. Kwa rasimu ya modeli iliyonolewa, husahihishwa kwa saa 2 na dakika 15. Kila saa ya sauti basi huokoa dakika 45, na kwa mwezi kampuni huokoa shilingi 12,000. Ada ya huduma ya shilingi 2,000 nayo haitalipwa tena, lakini kuitunza modeli na kompyuta yake kutagharimu 8,000. Faida halisi ni shilingi 6,000 kwa mwezi.

Gharama ya kunoa ni hii: kulinganisha na kuhakiki saa 50 za matini za zamani, shilingi 40,000, fundi, 150,000, kukodi kompyuta yenye nguvu, 20,000. Jumla ni 210,000. Kwa faida ya 6,000 kwa mwezi, fedha hizo zitarudi baada ya miezi 35. Kabla ya miaka hiyo mitatu kutimia, huduma ya sokoni huenda ikawa imeboreka na kuifuta tofauti yote.

Kazi ikiwa saa 200 kwa mwezi, hesabu hugeuka. Muda unaookolewa ni wa shilingi 60,000, ada isiyolipwa ni 10,000, na matunzo tukiyapandisha hadi 15,000, faida ni 55,000. Gharama hurudi kabla ya mwezi wa nne kwisha. Modeli ni ile ile na makosa ni yale yale. Kilichobadilika ni wingi wa kazi.

6.0 Siri na leseni

Kuna hali ambapo hesabu hii hutanguliwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka masharti ya kupeleka data za watu nje ya nchi, na inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mahojiano ya wagonjwa hayawezi kutumwa kiholela kwenye seva ya mbali. Wengi hudhani kwamba hapo ni lazima kujenga. La hasha. Njia ya pili tuliyoitaja inatosha: Whisper inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kampuni bila intaneti, na leseni yake, MIT, inaruhusu matumizi ya kibiashara.

Leseni isomwe kabla ya kazi kuanza. NLLB-200, modeli ya tafsiri iliyotolewa na Meta mwaka 2022, hupatikana bure na inakijua Kiswahili, lakini leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara. Kampuni inayojenga huduma yake juu yake inajenga katika kiwanja cha mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Kwa kampuni ya saa 40, ushauri wetu ni huu: inunue huduma, au itumie modeli huria jinsi ilivyo pale penye siri, na iandike kanuni za mwandiko na orodha za majina. Iirudie hesabu kazi inapoongezeka. Hata hivyo, kuna vitu viwili isivyopaswa kumwachia muuzaji. Cha kwanza ni vile vipande 20 vya jaribio, ambavyo vitumike kila baada ya miezi sita kupima kila huduma mpya, na visichanganywe kamwe na sauti za kunolea, kwani mwanafunzi aliyeuona mtihani hapimiki. Cha pili ni matini zilizosahihishwa pamoja na sauti zake, zikiwa zimehifadhiwa kwa idhini ya wasemaji. Modeli huchakaa na huduma hubadilishwa, lakini akiba hiyo hubaki na manufaa chini ya modeli yoyote. Kazi ya kuiandaa, ya kuamua kwamba hapa msemaji alisema "hawajalipwa", ni ya mjuzi wa lugha.