Ujumbe wa Kumbukumbu ya Marehemu: Umwandikie Nini Mama Yake?



Kesho unatimia mwaka mmoja tangu mwenzetu wa kwaya, kijana wa Makurunge, afariki kwa ajali ya bodaboda. Leo jioni nimemwandikia mama yake hivi:

"Shikamoo mama. Kesho tunamkumbuka (jina). Bado tunacheka tukikumbuka alivyokuwa anawahi mazoezini na baiskeli yake, halafu anatudai sisi faini ya kuchelewa. Nimemwekea nia kwenye Misa ya asubuhi. Usihangaike kujibu, mama."

Sijataja ajali wala hospitali, maana siku ile mama anaijua kuliko mimi. Sijasema "Mungu alimpenda zaidi", kwani mama anaweza kuelewa kwamba Mungu ndiye aliyempokonya mwanawe. Wala sijamwambia asilie.

Jina nimelitaja, kwa sababu watu wengi hulikwepa, na mzazi huogopa kwamba mwanawe ameshasahaulika. Nikaongeza kumbukumbu moja ya uhai wake, si ya kifo chake.

Nia ya Misa niliipeleka ofisi ya parokia kabla ya kuandika, ili nisiahidi tu. Kanisa huwaombea marehemu mwaka mzima, si tarehe 2 Novemba peke yake, na mama akijua saa ya Misa anaweza kusali pamoja nasi akiwa nyumbani.

Tuma kwenye simu yake mwenyewe, siyo kwenye grupu, na usiambatanishe picha ya jeneza. Asipojibu, usimuulize kama ameupata.