DAFTARI LA GARI NI SHAHIDI WA DEREVA

Ndugu wafanyakazi, safari hii tujifunze daftari la safari za gari la kazi. Wengi wetu huliona kuwa kazi ya karani, lakini mafuta yakipungua, wa kwanza kuulizwa ni dereva.

Tuchukue mfano wa pikapu ya shamba. Ijumaa jioni dereva anajaza tangi mpaka juu, anaandika mita, kilomita 48,620, kisha anakabidhi ufunguo na kutia sahihi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha gari, anasoma mita tena: 48,760. Zimeongezeka kilomita 140 zisizo na safari daftarini. Pikapu hiyo huenda kilomita 7 kwa lita 1. Basi lita 20 zimetumika. Wa kuulizwa ni yule aliyetia sahihi kuchukua ufunguo Jumamosi. Kama dereva asingesoma mita Jumatatu, kilomita hizo zingehesabiwa kuwa zake.

Lakini ikiwa mita na safari zinalingana, na mafuta ndiyo yamepungua, gari halikwenda kwa shughuli za mtu. Hapo tutazame bomba linalovuja, mafuta kunyonywa tangini, au stakabadhi yenye lita nyingi kuliko zilizotiwa.

Mkubwa akitaka gari kwa shughuli zake, ruhusa iandikwe kwanza, na aendeshe dereva aliyeidhinishwa. Asiyeidhinishwa akipata ajali, bima inaweza kukataa kulipa.

Mita ikiharibika, tuandike daftarini siku hiyo hiyo. Bila mita hesabu yote hii haiwezekani.