Fundi, andika kabla ya kuchomelea: makubaliano na ankara ya kazi moja

Wakazi wengi wa Eastlands wanaoishi kwa kazi za mikono, kuanzia wachomeleaji wa Kariobangi hadi mafundi wa rangi wa Kayole na Donholm, hupatana bei kwa mdomo. Sheria ya Kenya inatambua makubaliano ya mdomo kwa kazi za aina hii. Tatizo huja baadaye, siku ya malipo, kila mmoja anapokumbuka maneno tofauti. Karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida huondoa sehemu kubwa ya mzozo huo, na haihitaji wakili wala muhuri.

Tuchukue mfano. Fundi mwenye karakana Kariobangi ameitwa kwenye ploti moja Umoja atengeneze geti la milango miwili na vyuma vya madirisha manne. Geti ni shilingi 48,000 na kila dirisha ni 5,000, kwa hivyo kazi nzima ni 68,000. Aliyempigia simu ni keateka, naye amesema, "Fundi, wewe anza tu, mwenye ploti atakutumia."

Hapo ndipo swali la kwanza linapoanza: nani anadaiwa? Ikiwa mwenye ploti hajathibitisha lolote, fundi anaweza kumaliza kazi akaambiwa keateka hakutumwa. Jina litakaloandikwa ni la yule anayelipa, pamoja na namba yake ya kitambulisho na ya simu. Kama hawezi kufika, atume ujumbe kutoka simu yake mwenyewe akisema amesoma makubaliano na amekubali. Keateka anaweza kutajwa kuwa ndiye atakayekagua kazi, lakini asiandikwe kama mdaiwa.

Pili ni kueleza kazi yenyewe kwa namna ambayo mtu wa tatu ataielewa. "Geti zuri la kisasa" ni maneno ya kumpendeza mteja tu. Andika upana wa futi 10, urefu wa futi 7, bati la geji 16, na rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho. Unene wa bati una maana kubwa hapa, kwa kuwa geji 18 ni nyembamba kuliko 16 na pia ni nafuu. Mteja anayelalamika kuwa ameuziwa bati jepesi hujibiwa kwa kipimo kilichoandikwa.

Sasa tufike kwenye pesa. Mafundi wengi huandika "nusu sasa, nusu kazi ikiisha." Maneno hayo yana matundu mawili. Nusu ya 68,000 ni 34,000, na kama vifaa vinagharimu 41,000, fundi tayari amemkopesha mteja 7,000 kabla hata hajawasha mashine. Tundu la pili ni hilo neno "ikiisha." Kwa fundi, kazi imeisha geti linapofungika, kwa mteja, haijaisha hadi kitasa kidogo kilainike na tone la rangi lifutwe sakafuni. Ni heri kila awamu ya malipo ifungwe kwenye jambo linaloonekana kwa macho.

Makubaliano ya fundi wetu yanaweza kusomeka hivi:

"Bei ya kazi yote ni shilingi 68,000. Shilingi 41,000 zinalipwa kabla ya vifaa kununuliwa. Shilingi 17,000 zinalipwa siku geti na vyuma vya madirisha vinapofungwa ukutani. Shilingi 10,000 zinalipwa ndani ya siku 7 baada ya rangi ya mwisho kupakwa. Mteja akiona kasoro, ataieleza kwa ujumbe ndani ya siku hizo 7, na fundi atairekebisha bila malipo. Kazi itachukua siku 14 kuanzia siku malipo ya kwanza yanapopokelewa. Malipo yote yatatumwa kwa M-Pesa kwa namba iliyoandikwa hapa chini."

Zingatia kuwa siku 14 zinaanza kuhesabiwa pesa zinapoingia, si siku ya kupatana. Mteja akichelewa kutuma, fundi hatalaumiwa kwa kuchelewa. Chini yake wote wawili watie sahihi na tarehe, kisha kila mmoja abaki na nakala. Picha safi ya karatasi kwenye simu pia inafaa.

Kwa nini 58,000 kati ya 68,000 zilipwe kufikia siku ya kufunga? Kwa sababu geti likishashikana na ukuta, fundi amepoteza nguvu ya kungoja. Kurudi usiku kuling'oa kunaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Kazi ikiwa katikati, mwenye ploti anaongeza: anataka mlango mdogo wa kupita watu kwenye geti, shilingi 6,500. Nyongeza za njiani ndizo huvuruga hesabu kuliko kitu kingine, maana huombwa kwa haraka na kukubaliwa kwa kichwa. Ujumbe mmoja unatosha: "Nyongeza: mlango mdogo, 6,500, unalipwa pamoja na awamu ya pili, na siku 2 zinaongezwa. Ukikubali nijibu NAKUBALI." Fundi asikate chuma kabla ya jibu.

Siku ya kufunga geti, fundi anatoa ankara. Makubaliano yalisema kitakacholipwa. Ankara inasema sasa kimefika wakati wake. Itumie maneno yaleyale ya makubaliano, ili anayesoma aone zinalingana:

"Ankara namba 2. Geti na vyuma vya madirisha vimefungwa leo. Awamu ya pili: 17,000. Nyongeza ya mlango mdogo: 6,500. Jumla ya kulipa sasa: 23,500. Bei ya kazi yote pamoja na nyongeza: 74,500. Zilizokwisha kulipwa: 41,000. Zitakazobaki baada ya malipo haya: 10,000."

Juu yake ziwepo tarehe, jina la mteja na la fundi. Chini, namba ya kulipia. Kando ya zile 41,000 andika namba ya muamala wa M-Pesa ya malipo ya kwanza. Kwa ankara ya mwisho, taja tarehe kamili ya kulipa. "Mwisho wa mwezi" huwa na tarehe nyingi.

Mteja akiwa kampuni au shule, huenda akadai ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) huhitaji ankara ya mfumo huo ili biashara ihesabu gharama hiyo inapokokotoa kodi yake. Ulizia jambo hili kabla ya kutaja bei, si siku ya kudai.

Na ikiwa zile 10,000 haziji? Tuma ujumbe wa kudai, ukitaja namba ya ankara na siku ya mwisho ya kulipa. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya kazi na huduma, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai la makubaliano hufa baada ya miaka 6. Hata hivyo, hukumu si pesa mkononi. Mdaiwa akikaidi, utekelezaji ni hatua nyingine yenye gharama zake, na kwa deni la 10,000 inafaa kupiga hesabu kwanza. Ukiamua kwenda, beba makubaliano yenye sahihi, ankara, ule ujumbe wa NAKUBALI, jumbe za M-Pesa na picha ya geti likiwa limefungwa.